Kufupisha maelezo ya mahojiano ya kuondoka kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa afisa utumishi mwenye faili lililojaa fomu za watu walioacha kazi, na mkurugenzi anayetaka kujua kwa neno moja kwa nini watu wanaondoka. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni wa kubuni: taasisi ya mikopo midogo yenye matawi Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Mbeya. Katika miaka miwili wameondoka wafanyakazi 34, wengi wao maafisa mikopo. Idadi ya namna hiyo ndiyo inayokutwa katika taasisi nyingi za ukubwa huo, na ndiyo inayosumbua: ni kubwa mno kuikumbuka kwa kichwa, na ni ndogo mno kuifanyia takwimu za kujivunia.

Nina rundo la fomu. Nianzie wapi?

Anza na orodha ya walioondoka, si na fomu. Orodha hiyo ipo kwa mhasibu wa mishahara: nani alitoka, lini, tawi gani, cheo gani, alikuwa amekaa muda gani. Ukianza na fomu utawaona waliohojiwa tu, na wale wengine watapotea bila wewe kujua kwamba walikuwepo.

Tengeneza jedwali la Excel ambalo kila mstari ni mtu mmoja. Safu za mwanzo ni hizo za mhasibu. Inayofuata iseme kama alihojiwa, na nani alimhoji. Kisha weka safu moja pana ya maneno yake kama yalivyoandikwa, bila kuyasafisha. Mafungu ya sababu yatakuja baadaye, kila fungu na safu yake, yenye 1 akiwa ameitaja sababu hiyo na 0 akiwa hakuitaja.

Katika mfano wetu, kati ya 34 walihojiwa 26. Fomu nne kati ya hizo zina maneno mawili tu, "sababu binafsi". Zinabaki 22 zenye kitu cha kusoma. Hizo namba tatu, 34, 26 na 22, zitakufuata hadi kwenye ripoti, na zinapaswa kuonekana mahali pamoja kila unapotaja matokeo.

Mafungu ya sababu niyatoe wapi? Fomu yetu tayari ina visanduku vya kuweka tiki.

Visanduku vya fomu mara nyingi viliandikwa na mtu aliyekaa ofisini akiwaza watu huondoka kwa nini. Viangalie, lakini usiviamini kabla hujasoma maelezo. Soma yote 22 mara moja bila kuweka alama yoyote. Inachukua asubuhi moja. Mara ya pili, andika pembeni kwa maneno machache kila mtu anasema nini, ukitumia maneno yake: "malengo hayafikiki", "mafuta ya pikipiki natoa mfukoni", "mume kahamishiwa Arusha". Mafungu yatajionyesha yenyewe kutoka kwenye maneno hayo.

Kwa maelezo 22, mafungu matano hadi saba yanatosha. Ukiwa na kumi na tano, kila fungu litabaki na mtu mmoja au wawili, na hapo hujafupisha chochote. Ukiwa na matatu, utajikuta umeweka "meneja alinitukana mbele ya wateja" na "ofisi ipo mbali na nyumbani" kwenye fungu moja la "mazingira ya kazi", jina ambalo nashauri lisitumike kabisa kwa sababu halimwambii mkurugenzi afanye nini Jumatatu.

Kazi yenyewe iko mipakani. "Mafuta ya pikipiki natoa mfukoni" ni malipo au ni mzigo wa kazi? "Bosi anatupangia malengo yasiyofikika" ni msimamizi au ni malengo? Hakuna jibu la mbinguni. Andika kanuni na uifuate kwa wote. Kwa mfano: kama malengo yanapangwa makao makuu na meneja wa tawi anayafikisha tu, lalamiko linaingia kwenye malengo, kama mtu anazungumzia namna anavyotendewa na meneja anapokosa kuyafikia, linaingia kwenye msimamizi, akisema yote mawili, anapata 1 kwenye yote mawili. Kanuni hiyo ibaki juu ya jedwali, kwa sababu mwakani atakuja mwingine kuendeleza na atakisia tofauti na wewe.

Mtu mmoja ametaja sababu tatu. Nihesabu ipi?

Hesabu mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni nani aliitaja sababu hiyo hata kwa kupita. Ya pili ni sababu kuu, moja tu kwa kila mtu. Kwenye mfano wetu hesabu zinatoka hivi: malipo yametajwa na watu 13, lakini ni sababu kuu kwa 5. Msimamizi wa moja kwa moja ametajwa na 9, na ni sababu kuu kwa 6. Malengo na mzigo wa kazi yametajwa na 7, sababu kuu kwa 5. Familia na mahali pa kuishi, 5 na 4. Masomo, 3 na 2.

Angalia kilichotokea kwa malipo. Ukihesabu waliotaja, malipo yanaongoza kwa mbali. Ukihesabu sababu kuu, yako sawa na malengo na nyuma ya msimamizi. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: karibu kila anayekwenda kazi nyingine anakwenda kwenye mshahara mkubwa zaidi, kwa hiyo mshahara unatajwa. Ila swali la maana ni nini kilimfanya aanze kutafuta. Afisa mikopo aliyekaa miaka minne bila kutuma barua hata moja ya maombi, kisha akaanza kuzituma mwezi mmoja baada ya kubadilishiwa meneja, mshahara wa huko alikokwenda umemvuta, lakini si uliomsukuma.

Ndiyo maana swali bora la mahojiano si "kwa nini unaondoka?" bali "siku ya kwanza ulipowaza kutafuta kazi kwingine, kulikuwa kumetokea nini?" Kama fomu zako za zamani hazikuuliza hivyo, sababu kuu utaikisia wewe kutokana na maelezo, na ripoti ni lazima iseme kwamba ni kisio la msomaji.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya fomula moja. Ikiwa tawi liko safu B na fungu la msimamizi liko safu H:

```
=SUM(H2:H35)
=COUNTIFS(B2:B35,"Mbeya",H2:H35,1)
```

Hesabu watu, kamwe usihesabu mara ngapi neno limetajwa. Kuna mtu atakayejaza kurasa mbili kuhusu posho. Bado ni mtu mmoja.

Nifanye nini na "sababu binafsi" na "nimepata nafasi nzuri zaidi"?

Usizitupe, na usizigawe kwenye mafungu mengine kwa kukisia. Ziwekee fungu lake: sababu haijulikani.

Fikiria mwenye kuondoka amekaa upande gani wa meza. Ametoa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi nchini Tanzania ni siku zisizopungua 28. Bado anasubiri malipo yake ya mwisho na cheti cha utumishi. Huko aendako wanaweza kupiga simu kumuulizia. Mbele yake amekaa mtu wa ofisi hiyo hiyo, kalamu mkononi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, waliambiwa tangu utotoni. Kwa hiyo atasema anakwenda kujiendeleza, atashukuru kwa ushirikiano, ataondoka.

Kwa hiyo fomu za adabu si ushahidi kwamba hapakuwa na tatizo. Na zikizidi kwenye tawi moja kuliko mengine, hilo nalo liandikwe, bila kulitafsiri zaidi ya hapo.

Kwa nini nisiandike asilimia tu? Mkurugenzi anazipenda.

Kwa sababu asilimia inaficha ulichohesabu. "Asilimia 27 ya walioondoka walimkimbia msimamizi" inasikika kama utafiti wa watu elfu. "Watu 6 kati ya 22 tuliowasikia" ni jambo lile lile, ila msomaji anaona ukubwa wa rundo na anajua mtu mmoja ana uzito gani. Katika 22, kila mtu ana uzito wa asilimia nne na nusu. Katika tawi lenye fomu tatu, kila mtu ana asilimia 33.

Mimi hutumia kanuni rahisi: chini ya watu 50, namba kamili tu, na neno "kati ya" lisikosekane.

Nitajuaje kama mpangilio wa sababu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ni wa kweli?

Anza na jaribio la mtu mmoja. Chukua mtu mmoja ambaye uliyumba kumpanga, mhamishe fungu, na uone kama kilichokuwa juu bado kiko juu. Kwenye mfano wetu msimamizi ana 6, malipo 5, malengo 5. Ukimhamisha yule wa mafuta ya pikipiki kutoka malengo kwenda malipo, malipo yanafika 6 na yanalingana na msimamizi. Ukimtoa na mmoja kwa msimamizi, malipo yanaongoza peke yake. Mpangilio unaogeuzwa na mtu mmoja au wawili si mpangilio. Andika hivi: "Sababu tatu zinakaribiana: msimamizi, malipo, na malengo." Usizipe namba za mshindi.

Ukitaka hesabu yenyewe, ipo njia fupi ya kupata mipaka ya uwiano kutoka rundo dogo, iliyopendekezwa na wanatakwimu Agresti na Coull mwaka 1998. Ongeza 2 kwa waliosema, ongeza 4 kwa jumla, ugawanye, kisha tafuta umbali wa kwenda chini na juu ya uwiano huo. Idadi ya waliosema ikiwa A2 na jumla ikiwa B2:

```
C2: =(A2+2)/(B2+4)
D2: =1.96*SQRT(C2*(1-C2)/(B2+4))
```

Mpaka wa chini ni C2 kutoa D2, wa juu ni C2 kujumlisha D2. Kwa 6 kati ya 22, inatoka takriban asilimia 13 hadi 49. Kwa 5 kati ya 22, takriban 10 hadi 44. Mipaka hiyo miwili inalaliana karibu yote, na hapo mabishano ya nani wa kwanza yanakwisha.

Ila fomula hiyo inachukulia kwamba maelezo uliyonayo yalichaguliwa kama bahati nasibu. Hayakuchaguliwa hivyo. Waliokubali kuhojiwa si sawa na waliokataa, na fomula haijui lolote juu ya hilo. Mipaka inayotoka ni ya chini kabisa ya wasiwasi unaopaswa kuwa nao.

Lakini hawa si sampuli. Hawa ndio wote walioondoka!

Pingamizi zuri, na lina ukweli nusu. Kama swali ni "waliotuambia walisema nini?", 6 ni 6, hakuna mipaka ya kutafuta. Kama swali ni "tubadilishe nini ili wengine wasiondoke?", na ndilo mkurugenzi analouliza hata asipolitamka, basi unawatumia hawa 22 kuwakisia watu ambao hawajaondoka bado. Hapo ni sampuli, tena ndogo.

Mbeya, watatu kati ya watatu wamemtaja meneja. Je, hilo si wazi?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo taasisi huumiza watu, ama kwa kumfukuza meneja asiye na kosa ama kwa kumwacha mwenye kosa.

Kwenye matawi mengine matatu, watu 6 kati ya 19 walimtaja msimamizi, karibu theluthi moja. Kama Mbeya ingekuwa kama kwingine, nafasi ya watatu wote kumtaja kwa bahati tu ingekuwa theluthi mara theluthi mara theluthi, yaani moja kati ya 27. Ni ndogo. Lakini hukuichagua Mbeya kabla ya kutazama. Ulikuwa na matawi manne na mafungu matano ya sababu, vyumba ishirini kwenye jedwali, na jicho lako likaenda kwenye chumba kilichong'aa. Ukitazama vyumba ishirini, si ajabu kimoja king'ae chenyewe.

Sasa rudi kwenye orodha ya mhasibu. Mbeya ilikuwa na wastani wa wafanyakazi 12, na wameondoka 7 katika miaka miwili. Dar es Salaam ilikuwa na 60, wameondoka 15. Hiyo haitegemei nani alisema nini wala nani alihojiwa: ni zaidi ya nusu ya tawi dhidi ya robo. Sina shaka Mbeya kuna jambo. Ni jambo gani, watu watatu wamekupa fununu, na wanne waliobaki hawakusema.

Kwa hiyo hatua inayofuata si barua ya onyo. Ni kutafuta ushahidi wa aina nyingine. Je, kuondoka kulianza alipofika meneja huyo, au kulikuwepo kabla yake? Tarehe za ajira zitakujibu bila kumuuliza mtu. Je, Mbeya walipangiwa malengo ya marejesho sawa na kwingine ingawa wateja wao wanalipa kwa msimu wa mavuno? Je, waliobaki, wakiulizwa na mtu asiye wa tawi hilo, wanasema nini? Ukipata majibu mawili yanayoelekea upande mmoja na zile fomu tatu, unaweza kuzungumza kwa sauti kubwa kidogo.

Na kinyume chake: hakuna hata mmoja aliyetaja usalama kazini. Tuondoe wasiwasi?

Hapana. Kuna kanuni ya kukumbuka: kama jambo halikutajwa hata mara moja kati ya watu n, bado linaweza kuwahusu hadi takriban 3 gawanya kwa n. Kwa watu 20, ni hadi asilimia 15 hivi. Tena hapo tunadhani kila mtu angesema kama lingekuwepo. Mambo kama rushwa ya ngono, au ya kuvamiwa njiani ukiwa na fedha za marejesho, husemwa kwa shida hata pale yalipotokea.

Mwaka jana malengo yalitajwa na 2 kati ya 9, mwaka huu 5 kati ya 13. Yameongezeka?

Badilisha alama ya mtu mmoja tu kila mwaka, wa mwaka jana kutoka 0 kwenda 1 na wa mwaka huu kutoka 1 kwenda 0: 3 kati ya 9, na 4 kati ya 13. Sasa yamepungua. Usichore grafu.

Wale 12 tusiowajua sababu zao, yaani 8 wasiohojiwa na 4 wa "sababu binafsi", niwafanyeje?

Jaribu ncha mbili. Msimamizi ametajwa na 9. Kama hakuna hata mmoja kati ya wale 12 ambaye angemtaja, ni 9 kati ya 34, karibu robo. Kama wote wangemtaja, ni 21 kati ya 34, zaidi ya nusu. Ukweli uko katikati, na huo umbali kati ya robo na zaidi ya nusu ndio kiasi cha usichokijua. Mstari mmoja kwenye ripoti unatosha kulisema hilo.

Kisha watazame ni akina nani. Katika mfano wetu, wanne kati ya hao 12 ni wa Mbeya. Huko ndiko wengi waliondoka na wachache walisema. Ukiweza kuwapigia simu baada ya miezi mitatu au minne, wakati malipo yameshatoka na cheti kipo mkononi, utapata mazungumzo tofauti kabisa na yale ya siku ya mwisho. Hata watatu wakipokea simu, umeongeza zaidi ya unavyoweza kuongeza kwa fomula yoyote.

Ni lazima watu wawili wapange maelezo? Ofisi yetu ina afisa utumishi mmoja.

Kwa yote 22, si lazima. Chagua kumi, mpe mtu mwingine anayeheshimu siri pamoja na kanuni zako, apange bila kuona ulichopanga. Mkipishana kwa moja au mawili, endelea. Mkipishana kwa manne au matano, kanuni zako hazieleweki, na namba zako ni maoni yako binafsi yaliyovaa suti. Kipimo rasmi cha makubaliano ya namna hii kipo, kinaitwa kapa ya Cohen, cha mwaka 1960, lakini kwa maelezo kumi chenyewe kinayumba. Kaeni mezani mzungumze mlikopishana. Hapo ndipo mafungu yanaponyooka.

Kuna namna aliyehoji anaweza kuharibu matokeo?

Sana. Panga jedwali kwa safu ya aliyehoji. Ukikuta kwamba "kukosa fursa ya kupanda cheo" inatoka kwenye fomu za afisa mmoja tu, na mwenzake hana hata moja, uwezekano mkubwa ni kwamba mmoja anauliza kuhusu vyeo na mwingine haulizi. Vivyo hivyo pale mahojiano yanapofanywa na meneja wa tawi mwenyewe: usitegemee kuona fungu la msimamizi likijaa. Maelezo hayo yabaki kwenye jedwali, ila kwenye sababu hiyo yahesabiwe pembeni.

Wanaobaki nao wanalalamika kuhusu mshahara. Sasa?

Sasa umefika kwenye udhaifu mkubwa kuliko udogo wa rundo. Maelezo ya kuondoka hayana watu wa kulinganisha nao. Kama 13 kati ya 22 walioondoka walitaja malipo, na ukiwauliza waliobaki nao wengi wakataja malipo, basi malipo ni lalamiko la wote na halielezi kwa nini hawa waliondoka na wale wakabaki. Lakini kama waliobaki hawamtaji msimamizi karibu kabisa na walioondoka wanamtaja 9, umepata tofauti yenye maana hata kama kwa namba ilikuwa ya pili. Wahoji waliobaki kama ishirini hivi, wa vyeo na muda wa kazi unaofanana na walioondoka, kwa maswali yale yale.

Nilinde vipi siri zao?

Kwanza ujue kwamba kuondoa jina hakutoshi. "Mwanamke, afisa mikopo mwandamizi, Dodoma, aliondoka Machi" ni jina kamili kwa kila mtu wa Dodoma. Fungu au tawi lenye watu chini ya watano liunganishwe na lingine kabla ripoti haijatoka nje ya meza yako. Mbeya ya mfano wetu haipaswi kuonekana peke yake kwenye ripoti inayosambazwa kwa mameneja. Inazungumzwa na mkurugenzi kwa mdomo. Nukuu nazo zibadilishwe maneno, maana watu hutambuana kwa misemo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Mwambie mhojiwa kabla hajafungua mdomo taarifa zitatumika kwa nini na nani ataziona, kisha usizitumie kwa jingine.

Fomu moja ina tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Ni moja tu kati ya 22.

Hiyo haiingii kwenye hesabu hii. Tahadhari zote za rundo dogo zinahusu swali la "jambo hili limeenea kiasi gani?" Tuhuma kama hiyo ina swali jingine: "je, limetokea?" na moja inatosha kuanzisha uchunguzi siku hiyo hiyo. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mtu aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Fomu uliyoiweka kwenye fungu la "mengineyo" inaweza kusomwa tena mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mkurugenzi anataka ukurasa mmoja. Niandike nini?

Kwa mfano wetu ningeandika hivi:

"Katika miaka miwili waliondoka wafanyakazi 34. Tulihoji 26, na 22 walitoa sababu inayoeleweka. Sababu kuu zilizojitokeza zaidi ni tatu na zinakaribiana: msimamizi wa moja kwa moja (6 kati ya 22), malipo (5) na malengo ya kazi (5). Hatuwezi kusema ipi inaongoza. Malipo yametajwa na watu 13, lakini wengi wao walitaja jambo jingine kuwa ndilo lililowafanya waanze kutafuta kazi. Huo ni usomaji wetu wa maelezo yao. Watu 12 hatujui sababu zao. Matawi yanatofautiana sana kwa kasi ya watu kuondoka, na hilo linatoka kwenye orodha ya mishahara, si kwenye mahojiano. Tunapendekeza mambo mawili kabla ya uamuzi wowote kuhusu mishahara au mameneja: kuwapigia simu hao 12, na kuwahoji wafanyakazi 20 waliobaki kwa maswali hayo hayo. Majibu yatapatikana ndani ya wiki sita."

Akiuliza, "Kwa hiyo tatizo ni nini hasa?", mjibu kwamba una mambo matatu ya kufuatilia, na umwombe bajeti ya muda wa maongezi.